Faini ya Bibi Nakijwa

Barua ya wito ilikuja kwa WhatsApp, imepigwa picha juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Ilikuwa na muhuri, tarehe na sahihi mbili. Kamati ya Maji, Ndiva ya Kwankanda, ilikuwa inamwita Bibi Nakijwa afike mbele yake Jumatatu saa nne asubuhi ajibu shitaka la kuchota maji ya ndiva kwa pampu nje ya zamu. Chini waliongeza kwa kalamu: "Kupitia kwa Ikupa Anderson, mwandishi, Same."

Nilicheka mpaka nikaketi. Bibi Nakijwa hayupo duniani. Ni mwanamke wa katuni. Nilimtunga mimi na anamchora Asheri, mwenzangu wa kazi, kwenye chumba tulichopanga nyuma ya stendi ya Same. Ana kanga mbili, jino moja la mbele limeng'oka, na fimbo ya kupimia maji ambayo pia huchapia watu. Analinda ndiva, lile bwawa la kuchimbwa ambalo watu wa milimani hulijaza usiku na kulifungua asubuhi, maji yakagawiwa shamba kwa shamba. Kila Ijumaa anagombana na mtu. Hiyo ndiyo hadithi nzima, na watu elfu kumi na tisa walikuwa wanaifuata Facebook.

Asheri hakucheka. Alisoma barua mara mbili, akanirudishia simu.

"Wapare hawa," alisema, naye mwenyewe ni Mpare wa Mwembe. "Mtu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Wamekuandikia, basi wanamaanisha."

Niseme ukweli tangu mwanzo: kosa lilikuwa langu. Asheri alichora tu nilichoandika.

Tulikuwa tunaishi kwa katuni, na si watu wengi wanaoweza kusema hivyo. Sehemu mpya tulikuwa tunaipeleka kwanza kwenye kundi la WhatsApp la wanaolipia, shilingi elfu moja kwa mwezi kwa lipa namba. Siku tatu baadaye tunaiweka Facebook bure. Waliolipia walikuwa mia mbili na kumi na wanne: walimu, manesi, Wapare wa Dar wanaokumbuka nyumbani, madereva wa magari makubwa. Tuliwatumia kama faili, si kama picha, maana WhatsApp ikibana picha maneno yanakuwa ukungu. Tena faili lenyewe tulilipunguza lisizidi MB mbili, kwa sababu mwaka ule vifurushi vilipanda bei, mbolea ikapanda, mafuta ya kula yakapanda, na mtu hawezi kula kifurushi. Msomaji akiona katuni inamlia salio, anaaga.

Elfu moja moja zililipa pango na umeme. Hazikuweza kutoa kitabu, na kitabu ndicho nilichokitaka. Mama wengi waliompenda Bibi Nakijwa walikuwa wanasomewa na wajukuu kwenye simu zilizopasuka kioo. Nilitaka washike karatasi. Mwenye mashine Moshi alitutajia bei ya nakala mia tano, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe, na nusu ya pesa kabla ya kuwasha mashine. Tulipomwambia tutarudi, alitutazama kama watu wasiorudi.

Hapo ndipo akaja Humphrey. Kijana nadhifu, afisa masoko wa kampuni moja ya pampu za maji, viatu havijawahi kukutana na vumbi la Same. Alitaka pampu yao itokee katika sehemu sita. Masharti yalikuwa mafupi: ionekane kila sehemu, jina lisomeke, isidharauliwe. Malipo yalitosha kitabu chote, nusu siku ya kusaini, nusu baada ya sehemu ya sita.

"Bibi atumie tu," alisema. "Akishatumia yeye, nani atabisha?"

Nilisaini. Sina aibu kusaini. Mkono mtupu haulambwi, na katuni ya bure inalishwa na mtu fulani mahali fulani. Ila nilikuwa na haraka, nikaandika sehemu ya kwanza kwa saa mbili: jua kali, zamu ya Bibi iko mbali, mahindi yake yananyauka. Mjukuu analeta pampu kutoka mjini. Bibi anatumbukiza mpira ndani ya ndiva, anavuta kamba, maji yanaruka, Bibi anacheza. Asheri alichora maji yale vizuri kupita kiasi. Pampu ilikuwa ya bluu inayong'aa kuliko kitu chochote tulichowahi kuchora.

Ijumaa saa mbili asubuhi tuliituma. Saa tatu kundi lilikuwa linawaka.

Mwalimu mmoja wa Gonja aliandika: "Bibi Nakijwa HAIBI maji." Nesi wa Hedaru: "Mmemuua bibi yetu." Mwingine alitaka elfu moja yake. Mpaka Jumapili wanaolipia walikuwa wamebaki mia na thelathini, na Jumatatu tulipoiweka Facebook mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu huko kila mtu ana mdomo. Katikati ya matusi lilikuwepo neno moja ambalo Asheri alijaribu kulificha nisilione. Nililiona. "Mwandishi si wa huku. Ni mtoto wa kambi ya mkonge. Atajua nini habari ya ndiva?"

Liliniuma kwa sababu ni kweli. Baba yangu alitoka Rungwe, akakata mkonge miaka ishirini na miwili kwenye tambarare chini ya Ndungu. Tuliishi kwenye mistari ya nyumba za kampuni, maji tuliyachota kwenye bomba la kampuni, na lilipokauka tulikauka nalo. Hatukuwa na shamba, hivyo hatukuwa na zamu. Habari za ndiva nilizijua kwa wanawake walioshuka mlimani siku za soko Ndungu na vikapu vya maboga. Niliwabebea mizigo nikawasikiliza wakigombana. Kwa magomvi yale nilimpata Bibi Nakijwa, na nilimpenda kuliko watu wengi wanaopumua. Nikinyang'anywa yeye, sikuwa na kitu kingine cha kuandika.

Kisha tukajua kwa nini barua imekuja. Kijana mmoja wa Kwankanda anaitwa Iddi alikuwa ametia pampu ya kuazima kwenye ndiva ya kijiji Jumatano mchana, akamwagilia nyanya zake, na alipokamatwa akatoa simu. "Mbona Bibi Nakijwa kafanya?" Wenye zamu ya chini walifungua ndiva siku ya pili yake wakakuta maji ya kuoshea miguu. Na Asheri, ambaye hajui kuchora mahali pasipokuwepo, alikuwa ameichora ndiva ya Kwankanda yenyewe, jiwe kwa jiwe, kwa picha aliyoipiga mwaka uliopita.

"Tusiende," alisema Asheri. "Tuandike samahani, yaishe."

"Nitakwenda," nikasema. "Nimetunga mtu ameitwa barazani, halafu nimwache aende peke yake?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumatatu alfajiri tulipanda basi mpaka Ndungu, na pale tukachukua bodaboda mbili kupanda juu. Asheri alikumbatia begi la tableti njia nzima kama mtoto mchanga.

Kamati ilikaa kwenye ghala la zamani la kahawa. Walikuwa watu saba kwenye benchi, na nyuma yao nusu ya kijiji, wengine wakiwa na majembe yao. Tuliamkia, "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba" kwa pamoja bila tabasamu. Mwenyekiti alikuwa mama wa miaka kama hamsini na tano, Mama Ernesta, miwani imefungwa kwa uzi. Katibu alikuwa Mzee Filipo, mwembamba, mwenye daftari kubwa la jalada gumu.

Mzee Filipo alisimama, akakohoa.

"Mshitakiwa Nakijwa yupo?"

Nilidhani ni utani. Nikatazama nyuso zile. Haukuwa utani.

"Hayupo, mzee," nikajibu. "Ni mchoro."

"Tunajua ni mchoro. Hatujapungukiwa akili. Mchoro hauna mikono ya kulipa, ndiyo maana tumekuita wewe." Akasoma shitaka lote, tarehe ya sehemu, picha ya ngapi, mpira uliingia upande gani wa ndiva. Alikuwa ameisoma katuni yangu kwa makini kuliko mimi niliyeiandika.

Nilijitetea. Nilisema hadithi ni hadithi, mtu anaweza kuua kwenye hadithi na asifungwe. Nilisema mwenye kosa ni Iddi, mtu mzima mwenye akili zake. Iddi alikuwa amekaa pembeni, ameshatozwa faini yake, akainamisha kichwa. Nilisema mengi, na nikiwa na hasira huwa nasema vizuri. Walinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu huko mtu akiwa kwenye kesi humkatizi.

Mama Ernesta akavua miwani.

"Mwanangu, miaka miwili tunakusoma. Kijana wangu wa pili alikuwa hataki kusikia habari ya zamu. Alipoanza kumsoma huyo bibi yako, akaanza kuja kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kutoa tope bila kuitwa. Sasa unasema ni hadithi tu? Ilipokuwa inatujenga ulikuwa unasema hivyo?"

Ile ilinipata.

"Huyu tunamsumbukia nini?" mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Si wa huku. Baba yake alikuja kukata mkonge."

Asheri alitaka kusimama, nikamshika shati.

"Hapo ndipo nilipotaka kufika," Mama Ernesta akasema taratibu. "Ikupa, sheria yetu ina milango miwili. Ukiwa mgeni, hatukudai kitu. Tunakusindikiza mpaka barabarani kwa heshima, unaendelea na pampu yako na mdhamini wako, ila ndiva hii usiichore tena, wala bibi wa kulinda ndiva usiwe naye. Mtafutie kazi nyingine, auze duka. Ukiwa mwenyeji, unatozwa faini. Bibi anatozwa kwenye katuni, watu wote waone: pampu inakamatwa, inafungiwa ghalani. Yeye anatoa tope siku mbili. Na nyinyi mliomtuma mnakuja Alhamisi na makoleo, mnatoa tope kweli. Chagua wewe. Sisi hatukuchagulii."

Niliomba nitoke nje nipige simu. Mtandao ulishika karibu na ukuta wa zahanati tu, nikasimama pale. Nikamweleza Humphrey yote. Kwanza alicheka, kama mimi nilivyocheka. Halafu akaacha.

"Dada Ikupa, pampu haiwezi kukamatwa. Mkataba unasema isidharauliwe."

"Haidharauliwi. Itafungiwa kwa heshima, na jina litasomeka vizuri sana."

"Bosi hatakubali. Lakini huo mlango wa kwanza si mzuri? Bibi afungue duka. Auze pampu! Hapo mimi naweza kukuongezea hata sehemu mbili."

Niwe mkweli, nilipiga hesabu. Nilikiona kitabu changu chenye jalada la rangi, nakala mia tano. Nilimwona Bibi Nakijwa nyuma ya kaunta, amevaa fulana ya kampuni, anatabasamu na meno yote. Na nikajua kwamba yule mtu simjui. Hasira zote zikanitoka, nikabaki na uhakika tu, uhakika mwepesi kama wa mtu aliyekwisha kula.

"Humphrey," nikasema, "bibi yangu haendi dukani. Pesa iliyobaki usiitume. Ile mliyotanguliza tutarudisha kidogo kidogo, niandikie tarehe."

"Umefikiri vizuri?"

"Sijawahi kufikiri vizuri kama leo."

Nilirudi ndani. Asheri aliniangalia, akajua, akafumba macho kidogo kwa ajili ya jalada la rangi, kisha akafungua begi akatoa tableti. Huyo ndiye mwenzangu.

"Tutozeni faini," nikasema.

Sikutegemea kelele iliyofuata. Watu walipiga makofi na wengine wakagonga mipini ya majembe sakafuni. Yule mzee wa nyuma alikuwa wa kwanza kuja kunishika mkono. Aliniambia bila haya yoyote kwamba alisema vile ili lisemwe, limalizike.

"Na fimbo," Mzee Filipo akaniambia akiwa anafunga daftari. "Mchoraji wako anachora fimbo ya kupimia ina alama nne. Zipo tano. Miaka miwili nimevumilia."

Asheri akaichora papo hapo, alama tano, akamwonyesha. Mzee Filipo akaikuza kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kukubali.

Tuliandika sehemu ile palepale ghalani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na washauri arobaini. Bibi Nakijwa anaitwa mbele ya kamati. Anabisha kurasa tatu, kama mimi. Anasema jua lilikuwa kali, zamu iko mbali, na nyinyi nyote mnanijua. Mwenyekiti anamwambia, ndiyo maana. Picha ya mwisho anafunga kanga kiunoni, anaingia kwenye tope, na pampu ya bluu inaonekana kwa mbali nyuma ya mlango wa ghala, imefunikwa gunia lisilolificha jina lake. Niliahidi litasomeka, nami nikiahidi natimiza.

Jumanne asubuhi tuliituma kwa wanaolipia na kuiweka Facebook saa ileile, bure kwa wote, kwa sababu waliotukanwa mbele ya watu huombwa radhi mbele ya watu. Jioni Humphrey aliandika kwamba kampuni imejitoa, akaweka tarehe za kurudisha pesa, na chini yake, kwa namba yake binafsi, akalipa elfu moja ya mwezi. Mwalimu wa Gonja alirudi. Nesi wa Hedaru alirudi na dada zake wawili. Halafu Wapare wa Dar wakaanza kuuliza swali moja kila mmoja kwa namna yake: kitabu kiko wapi?

Nikawaambia ukweli. Kitabu hakipo, mdhamini kaondoka. Anayekitaka alipie nakala yake sasa, kwa lipa namba ileile, na nikifikisha nakala mia mbili nitakwenda Moshi. Nisipofikisha kila mtu atarudishiwa chake. Hakutakuwa na jalada la rangi. Asheri alikuwa amehifadhi michoro yote kwa ukubwa wake wa awali, si ile tuliyoibana kwa ajili ya simu, hivyo kuichapa kungewezekana. Tatizo lilikuwa kwamba kwenye simu hadithi inashuka kama kamba na kwenye kitabu inatembea ukurasa kwa ukurasa. Alianza kukata na kupanga upya usiku uleule, akinung'unika kwa raha. Mama Ernesta alipiga simu Jumatano. Kamati za ndiva tatu za jirani zilikuwa zimekaa. Kila kaya yenye zamu inachukua nakala moja, kwa sababu vijana hawasomi sheria zilizobandikwa ukutani lakini watamsoma huyu. Hapo mia mbili zikapita.

Alhamisi tulipanda tena mlimani na makoleo mawili ya kununua sokoni Same, mapya mpaka aibu. Tulifika saa moja kasoro. Ndiva ilikuwa imefunguliwa maji yote, imebaki tope jeusi linalofika magotini, na watu kama themanini wamesimama ukingoni wakipiga soga. Watoto waliniita "Bibi! Bibi!" na mama mmoja akanifunga kanga kiunoni bila kuniuliza.

Mzee Filipo alipanda juu ya jiwe na daftari lake la jalada gumu. Msaragambo hauanzi bila kuita majina, maana asiyekuwepo anatozwa. Aliita kaya kwa kaya. Kila jina lilipoitwa mtu aliitika, akashuka topeni.

Niliwaza baba yangu. Miaka ishirini na miwili jina lake liliitwa siku ya mshahara tu, na wakati mwingine hata siku hiyo waliita namba.

"Nakijwa!" Mzee Filipo akaita.

Nilidhani watu watacheka. Hawakucheka.

"Yupo!" ukingo mzima ukaitika.

Mzee Filipo akatia alama. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasogeza daftari mbali kidogo na macho yake.

"Ikupa Anderson!"

"Nipo," nikasema. Nikarudia, safari hii kwa nguvu, kisha nikashuka topeni.